Ramani Bila Neno

Mama Njia hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Baiskeli aliijaribu mara moja alipokuwa msichana, akaangukia kwenye ua wa jirani, akasema basi, miguu inatosha. Ila kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeketi kwenye meza ya safari katika kiwanda cha kutotolesha vifaranga, chumba kidogo chenye dirisha moja linalotazama mahali malori yanapopakiwa, na hakuna dereva aliyetoka getini bila kupita mbele yake. Barabara alizijua kwa masikio. Dereva akisema "nimefika penye mti ulioanguka," yeye huuliza, "Uliolala kushoto au ule wa kwenye mtaro?"

Jina hilo walimpa madereva wenyewe. Na sifa yake kubwa, waliyoisema hata akiwa hayupo, ni kwamba alijibu kabla hujamaliza kuuliza. Unapiga simu, unasema, "Mama, hapa nilipo..." naye keshasema, "Pinda kulia, usiogope ule mteremko." Hilo alilipenda. Mtu akipewa sifa moja maishani huishika kama mkoba wa harusi, hata mvua ikinyesha haachi. Naye sifa yake ilikuwa hiyo ya kubahatisha, na kwa miaka mingi bahati ilimtii.

Kisha ukaja ugomvi wake na Redio.

Redio alikuwa dereva wa lori la pili, na tena alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, tumbo moja. Walimwita Redio kwa sababu hakuzimika. Angeweza kukueleza habari ya tairi kuanzia mti wa mpira mpaka kwa fundi. Siku moja Redio alilisimamisha lori juani dakika hamsini, lina vifaranga wa siku moja, akaingia mahali kuangalia mpira wa miguu. Vifaranga hao wakiwa safarini hewa inapita kwenye matundu ya maboksi na wanapumua. Lori likisimama, joto lao wenyewe linawageukia. Walikufa mia nne na kitu. Mwenye shamba aliyewaagiza alimpigia Mama Njia akamwambia lori lilionekana wapi na saa ngapi, naye akaandika kwenye daftari la safari kama alivyoambiwa. Redio akasimamishwa kazi majuma mawili.

"Umemuuza ndugu yako," mama mkwe alimwambia, na hakumpokea mkono.

"Mama, nimeandika saa tu."

"Ungeandika nyingine."

Redio aliporudi kazini, alirudi amezimwa. Kwa Mama Njia, lakini. Kwa wengine alipiga kelele kama kawaida. Akipita dirishani kwake midomo inafungwa kama mlango wa benki. Na kwa sababu kanuni ya kiwanda ni kwamba dereva akiwa na shaka njiani asimame, awasiliane na meza ya safari, Redio akatafuta njia ya kuwasiliana bila kuzungumza. Akaanza kutuma picha. Anapiga picha ya kioo cha simu, ile ramani yenye mistari, anaituma. Hakuna salamu, hakuna "shemeji," hakuna hata alama ya kuuliza. Ramani peke yake, kama barua iliyotumwa na mtu aliyekatwa mikono.

Mtu mwingine angeuliza, "Unataka nini?" Mama Njia hakuuliza. Kwanza, kiburi cha ile sifa yake. Pili, kumuuliza kungekuwa kumbembeleza, na kumbembeleza Redio afadhali ameze mkaa.

Picha ya kwanza ilionyesha njia nzima, kutoka kiwandani hadi soko la mifugo. Mama Njia akamwandikia maelekezo, pinda hapa, pita pale, mistari kumi na miwili. Redio akarudi jioni, akawaambia wenzake kwa sauti ya kufika dirishani, "Mimi nataka kujua kilomita nijue mafuta yatatosha, mtu ananisimulia vichochoro! Kwani mimi mgeni mjini?"

Wenzake wakacheka.

Picha ya pili, Mama Njia akamjibu kilomita. Kumbe, alivyodai Redio, alitaka kujua ashike mstari gani, wa bluu au wa kijivu, maana ilikuwapo yote miwili. Akashika wa kijivu, akachelewa dakika arobaini. Ya tatu ilikuwa na mistari miwili tena. Mama Njia akazilinganisha njia hizo vizuri kabisa: bluu fupi lakini ina kipande chekundu cha msongamano, kijivu ndefu lakini inatembea, shika kijivu. Redio akashika njia ya mkato isiyo bluu wala kijivu, akakuta kizuizi, akageuza, akarudi nyuma saa nzima. Kwenye mkato huo ramani ilikuwa imeweka kiduara chekundu chenye mstari mweupe katikati, maana yake barabara imefungwa.

"Nilimuuliza alama ile ni ya nini," Redio alimwambia meneja, amesimama mlangoni kwa Mama Njia lakini anamtazama meneja tu. "Akanijibu habari za bluu na kijivu. Vifaranga mia na themanini wamekufa, bosi. Safari hii mtaandika kwenye daftari la nani?"

"Aliuliza wapi?" Mama Njia akasema. "Nionyeshe neno moja tu."

Meneja alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo hakuyapunguza makali. "Picha ni swali," alisema. "Dereva ametuma, wewe umejibu. Ungekuwa hujaelewa ungesema hujaelewa. Mbona ulijibu?"

Neno hilo lilikuwa kweli, na lilimchoma kwa sababu lilitoka mahali asipotarajia.

"Mama Njia, umekaa sana hapa na ninakuheshimu," meneja akaendelea. "Lakini safari moja nyingine ikiharibika kwa sababu ya meza hii, meza nampa mwingine. Wewe utahamia kwenye maboksi."

Kwenye maboksi ni kule ndani, penye joto la mashine, unasimama saa nane unahesabu vifaranga mia mia kwenye kila boksi, vumbi la manyoya linaingia puani hadi kichwani. Si kazi mbaya. Ni kazi ya mtu mwenye magoti. Magoti ya Mama Njia yalikuwa yamekwisha miaka sita nyuma. Ngazi tatu za nyumbani kwake alizipanda kwa kushika ukuta. Akiondolewa kwenye kile kiti, ameondolewa kiwandani, na meneja alilijua hilo, na Redio alilijua zaidi.

Mumewe alipoambiwa alisukuma sahani yake kando. "Yule ni ndugu yangu, wewe ni mke wangu," alisema. "Nikifungua mdomo naumia upande wowote."

"Basi ufunge," mkewe akamwambia. "Nyumba yenu nzima imekuwa mabubu, wewe ndiye utashindwa?"

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya Jumanne. Redio alipewa maboksi arobaini, vifaranga elfu nne, kwa mteja mpya ambaye hakuna dereva aliyewahi kumfikia. Mteja alikuwa ametuma mahali alipo kwa simu: alikuwa ameweka kile kipini chekundu cha ramani mwenyewe. Mama Njia akampa Redio karatasi ya safari kupitia dirishani, na Redio akaipokea kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa.

Dada wa Maboksi, yule aliyesimamia upakiaji, alikuwa amesimama pembeni anafunga kamba. Alikuwa na mdomo usiolala njaa. "Redio, sema hata asante, shemeji yako si mzimu."

"Mizimu hujibu vizuri zaidi," Redio akasema, akimwambia yeye, akapanda lori, akaondoka.

Saa tano kasoro robo simu ya meza ikalia mlio mfupi. Picha. Peke yake.

Mama Njia akaitazama kama mtu aliyeitwa jina gizani. Chini ya picha paliandikwa dakika 26, kilomita 14, safari nzima kutoka kiwandani. Palikuwa na mstari wa bluu na kipini chekundu. Mkono wake ukaanza wenyewe, miaka kumi na tisa ya mazoea: akaandika "Kilomita 14, mafuta yatatosha," na kidole kikaelekea kwenye kutuma.

Akakizuia. Kwa nini mtu aulize kilomita wakati zimeandikwa chini ya picha yake mwenyewe?

Akafuta. Akapiga simu. Ikaita mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa kabla ya mlio wa kwanza kwisha. Mtu anayekata haraka hivyo ameshika simu mkononi, na anayeshika simu mkononi amesimama. Lori limesimama. Nje jua lilikuwa limeshapasha bati la paa, likawa linalia tik, tik.

Akaandika, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi: "Unauliza nini?"

Tiki mbili zikawa bluu. Amesoma. Akangoja. Kisha ikaja picha ileile tena.

"Mwanaharamu," Mama Njia akasema, na Dada wa Maboksi, aliyekuwa amekuja dirishani kunywa maji, akauliza, "Nani? Ah. Nimeshamjua."

"Amesimama. Ana elfu nne nyuma yake, na anacheza na mimi."

"Si umjibu lolote? Mwambie tu aende."

"Lolote ndilo analotaka."

Akavaa miwani, akasogeza simu karibu na dirisha. Akaacha kutafuta jibu, akaanza kutafuta swali. Na hapo ndipo alipoona jambo ambalo katika picha zote za nyuma halikuwapo. Zile tatu zilionyesha njia nzima, kiwanda upande mmoja na mwisho upande wa pili. Hii haikuwa na mwanzo. Kiwanda hakionekani, mji hauonekani, hata barabara kuu haionekani. Redio alikuwa ameivuta kwa vidole viwili mpaka kikabaki kipande kidogo cha mwisho, ukubwa wa mashamba mawili matatu. Mtu anayetaka umbali hawezi kuivuta ramani hivyo. Anayetaka kulinganisha njia hawezi pia, maana njia zenyewe ameziacha nje. Mtu huvuta ramani pale macho yake yalipokwama.

Yalikuwa yamekwama wapi? Katikati ya picha, mstari wa bluu ulifika mahali ukakatika. Baada yake palikuwa na vidoti vya kijivu, saba au vinane, vimepangwa mstari mmoja mpaka kwenye kipini chekundu. Na chini ya vidoti hivyo, kama uzi mwembamba, palipita rangi ya bluu ya maji.

"Njoo uone," akamwambia Dada wa Maboksi. "Hapa unaona nini?"

"Vidoti."

"Vya nini?"

"Mimi nitajuaje? Barabara mbovu?"

Mama Njia naye hakuwa na hakika, na safari hii hakuiacha shaka hiyo impite. Alijua kwamba ramani ya simu ikiambiwa ikupeleke mahali pasipo na barabara, inakufikisha kwenye barabara ya karibu zaidi, kisha inachora vidoti moja kwa moja hadi kwenye kipini. Si njia. Ni kama mtu anayenyoosha kidole: kule ndiko, utajijua. Haiangalii kama katikati pana ukuta au mto. Lakini pengine hapa palikuwa na kijia ambacho ramani haikijui. Hilo halikuwemo kwenye picha. Akampigia mteja.

"Kipini chako umekiweka wapi, baba?"

"Katikati ya banda, mama! Nilisimama ndani kabisa, ili msipotee."

"Upande wa mashariki wa banda pana kijito?"

"Kipo. Tena kimejaa."

"Gari linavuka?"

Mteja akacheka. "Gari? Pana magogo mawili pale, hata mbuzi anafikiria mara mbili. Gari linakuja kwa upande wa kinu cha unga, unapinda kushoto hadi nyumba ziishe, ndio mlango wenyewe. Kwani huyo dereva wenu yuko wapi?"

Mama Njia tayari alikuwa anaandika, polepole, akisoma kila neno kabla ya kuandika lingine: "Nadhani unauliza vidoti. Vidoti si barabara. Ramani imefika mwisho wa barabara inayoijua. Pale kuna kijito kimejaa, na magogo ya miguu tu. Usiingie. Mteja amethibitisha. Geuza, rudi hadi kinu cha unga, pinda kushoto, nyumba zikiisha utaona banda. Kilomita 9 zaidi. Kama siyo uliyouliza, andika neno."

Akatuma. Tiki mbili, bluu. Basi.

Dakika kumi. Dakika ishirini. Hakuna mwenye shida ya kuandika "sawa," ni herufi nne. Mama Njia alikaa mikono imekunjwa mapajani. Angeweza kuwa amegeuza. Angeweza pia kuwa amesema, huyu mwanamke hawezi kuniambia lori langu lipite wapi, akaingia kwenye tope mpaka kwenye ekseli kwa ubishi tu. Mtu akikuchukia kweli hukubali kuumia ili uumie nawe. Na kati ya wale wawili kulikuwa na elfu nne wasio na ugomvi na mtu. Meneja akapita ukumbini, akachungulia, akauliza, "Kuna tatizo?" Mama Njia akasema, "Bado sijui." Meneja akasimama hapohapo, ameegemea mlango, hakuondoka.

Baada ya dakika arobaini na mbili mteja akapiga. Lori limefika, kwa upande wa kinu. Limepakuliwa. Waliokufa kumi na wanane katika elfu nne. "Hiyo kwetu si hasara," mteja akasema. "Lakini dereva wenu ana uso kama amelamba betri."

Redio alirudi saa tisa. Alimkuta meneja amesimama tena dirishani, na Dada wa Maboksi amepata kazi nyingi sana ya kufunga kamba karibu na hapo. Redio akaubamiza mlango wa lori.

"Bosi," alianza kabla hajafika, "mimi na meza hii basi. Nimeuliza kilomita, mtu ananizungusha kilomita tisa! Mafuta ya nani hayo?"

"Ulituma picha," meneja akasema.

"Nilituma. Picha ni swali, si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema." Meneja akanyoosha mkono, Mama Njia akampa simu. Akaitazama muda. "Kilomita zimeandikwa hapa chini. Kumi na nne. Ulizisoma ukataka nani akusomee tena?"

"Nilitaka uhakika. Na sikuwa na haja ya kuzungushwa. Vidoti vile ni barabara ya vumbi, kila aliyekaa darasani anajua, kwenye ramani barabara ya vumbi inachorwa vidoti. Ningepita pale dakika tatu nimefika!"

Dada wa Maboksi akaiachia kamba.

"Kumbe macho yako yalikuwa kwenye vidoti," akasema taratibu. "Si umesema uliuliza kilomita?"

Redio akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza toka azaliwe hakikutoka kitu.

"Shemeji," Mama Njia akasema, na hakupandisha sauti, "mbona hukupita, basi? Dakika tatu tu."

Sasa akamgeukia. Majuma matano hakuwa amemtazama usoni. "Kwa sababu nilishuka nikatazama!" alipasua. "Nilishuka kwa miguu yangu, nikaona maji. Wewe usijifanye umeniokoa. Nilijua. Nilikuwa najua!"

"Ulijua kabla ya kutuma picha au baada ya kusoma?"

"Mchawi wewe. Nyoka wa nyumbani. Ulinitoa kwenye kazi, sasa unataka nikupigie magoti."

"Sitaki magoti yako. Nina mabaya ya kwangu."

Dada wa Maboksi akacheka, akaziba mdomo. Meneja hakucheka. Akamrudishia Mama Njia simu, akasema, na ilionekana anasema jambo alilokuwa analifikiria tangu akiwa ameegemea mlango, "Nilikosea mimi. Picha si swali. Kuanzia leo picha bila neno haihesabiki kuwa mtu amewasiliana. Dereva akituma picha tupu, amenyamaza, na akiharibu, ameharibu yeye. Na wewe," akamgeukia Mama Njia, "picha tupu usiijibu. Uliza. Hata kama unajua."

"Hata kama najua?"

"Hasa kama unajua."

Akakubali kwa kichwa. Halikumfurahisha. Amebakiziwa kiti lakini amenyang'anywa mkoba wa harusi, na alijua ni haki, na haki ya namna hiyo haina ladha.

Redio alitupa funguo mezani, zikateleza mpaka kwenye daftari. "Nipangie zamu ya jioni, bosi. Kwenye meza ya mtu mwingine. Huyu hata nikipotea jangwani simuulizi."

"Utapata zamu ya jioni," meneja akasema.

"Na nyumbani kwa mama," Redio akamwambia Mama Njia, amekwisha kugeuka, "usije Jumapili."

"Nitakuja. Nimeolewa pale, sikukodi."

Alikwenda kweli Jumapili hiyo, na hakuna aliyemsemesha isipokuwa watoto. Mumewe aliketi kando yake. Hakufungua mdomo, lakini hakuhama kiti.

Jumatatu, saa tatu, simu ya meza ikalia mlio mfupi. Alikuwa dereva wa lori la nne, kijana mpole asiye na ugomvi na mtu, mwenye mazoea tu ya kutuma picha ya ramani bila kusema. Njia nzima, mistari miwili, kipande cha wekundu katikati. Mama Njia aliitazama na jibu likamjia lote, kamili, limeshanyooka mdomoni. Bila shaka anauliza mstari upi. Angeweza kuapa.

Akaandika: "Umbali, njia ipi, maelekezo, au alama? Sema."

Akaweka simu chini, akaketi juu ya viganja vyake viwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari. Dakika mbili hizo zilikuwa ndefu kuliko zile arobaini na mbili za Jumanne. Kisha jibu likaja.

"Hamna kitu mama, imejituma yenyewe nikiwa nasafisha kioo. Shikamoo."